Kipimo Kimoja kwa Kununua na kwa Kuuza

Wauzaji wa sokoni, tahariri hii imeandikwa ili isomwe mbele ya kamera na ionyeshwe kwenye masoko yenu, kwa hiyo tutasema nanyi ana kwa ana. Tazameni meza hii. Juu yake ziko sado mbili, yale makopo ya rangi ya lita nne mnayopimia maharage, karanga, viazi na vitunguu kila siku. Moja ni nzima. Ya pili imekatwa mdomoni kwa kisu cha moto, kisha ukingo wake ukasuguliwa mpaka ukawa laini kama ulivyotoka kiwandani. Kila moja ikiwa kwenye meza yake, mnunuzi hawezi kuona tofauti. Zikisimamishwa bega kwa bega, ya pili inaonekana fupi kwa sentimita moja.

Sentimita moja ni kiasi gani? Mdomo wa sado hii una kipenyo cha sentimita 18 hivi. Kila sentimita moja ya kimo chake inabeba robo lita. Kwa maharage makavu, robo lita ni kama gramu 200. Mama aliyekuja kununua sado kumi kwa ajili ya shughuli ya arobaini ya mumewe amelipia sado kumi na ameondoka na upungufu wa kilo mbili, na atakapofika nyumbani chakula kikapungua atadhani alikosea kukadiria wageni. Huo ni wizi. Aliyekata kopo lile hakuteleza wala hakukosea hesabu. Alikaa chini, akapasha kisu moto, akakata, akasugua. Hatutautafutia jina la upole.

Kopo lililokatwa, hata hivyo, ni wizi ulio rahisi kuukamata. Mkaguzi akipita, lipo, linaonekana. Tunataka kukaa zaidi juu ya wizi mwingine, unaofanywa kwa kopo zima kabisa, na ambao wengi wenu hamuuhesabu kuwa dhambi kwa sababu kila mtu sokoni anaufanya.

Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kuwa pishi moja, na walijua namna mbili za kujaza kibaba. Kilikuwapo kibaba cha mfuto, kinachopitishwa kijiti juu ya mdomo hadi nafaka ikalingana na ukingo, na kibaba cha tele, kinachorundikwa mpaka nafaka ikafanya kichuguu na kuanza kumwagika pembeni. Bei ilipotajwa, ilijulikana ni ya mfuto au ya tele. Leo vibaba vimeondoka na sado imekuja, na kule Kenya gorogoro, lakini mfuto na tele vipo vilevile. Kilichobadilika ni kwamba sasa muuzaji mmoja anatumia vyote viwili kwa siku moja bila kutaja: anaponunua kwa mkulima au kwa mwenye mzigo anadai tele, na anapomuuzia mnunuzi anapima mfuto.

Tuifanye hesabu hiyo hapa mezani. Kichuguu cha kimo cha sentimita tano juu ya sado hii kina ujazo wa zaidi kidogo ya mililita 400, yaani kama sehemu moja ya kumi ya sado yenyewe. Muuzaji akinunua sado kumi za tele amepokea lita 44 na ushee. Akiziuza kwa mfuto anapata sado kumi na moja. Akiziuza kwa ile sado iliyokatwa, zinakaribia kumi na mbili. Sado hiyo ya kumi na moja hajailipia kwa mtu yeyote. Imetoka kwa mkulima aliyelazimishwa kurundika, na ile ya kumi na mbili imetoka kwa mama wa arobaini.

Hapa ndipo mafundisho ya dini yalipogonga, na ni vema muuzaji ajue kwamba yaligonga mahali hapa hasa. Sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, inafungua kwa kuwatisha watu wa sifa mbili zilizounganishwa: wakipokea kwa watu kwa kipimo hutaka kamili, na wakiwapimia watu au kuwapimia kwa mizani hupunguza. Aya zile hazikutosheka kumtaja mpunguzaji. Zilimtaja mtu anayejua kipimo kamili ni kipi, anayekidai kwa sauti kikiwa chake, kisha anakisahau kikiwa cha mwenzake. Madai yake ya asubuhi ndiyo ushahidi dhidi yake jioni. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipohamia Madina aliwakuta watu wake wabaya mno katika vipimo, na kwamba baada ya aya hizo kushuka wakarekebisha upimaji wao. Tunalitaja hili kwa wale wanaosema soko halibadiliki.

Torati inasema na mtu huyohuyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko mmoja, kubwa na dogo, na vipimo viwili ndani ya nyumba moja. Mtu mwenye jiwe moja bovu anaweza kusema hakujua. Mwenye mawili anajua, maana kila mara mkono wake unapoingia mfukoni huchagua. Nabii Amosi, katika sura ya 8 ya kitabu chake, aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliokuwa wakingoja sikukuu ipite upesi ili wafungue biashara, wakipunguza efa ya kupimia nafaka na kuongeza uzito wa shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, na kuuza hata takataka za ngano. Bidhaa ndogo kwenda nje, fedha kubwa kuja ndani. Karne nyingi zimepita na mpango haujabadilika.

Sasa tupande lori twende shambani, kwa sababu huko ndiko tele ya kulazimishwa inakofanyika kwa magunia. Mkulima wa viazi mviringo wa Njombe anajua lumbesa ni nini kuliko anavyolijua jina la diwani wake. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa wavu juu, wavu nao unajazwa, mpaka gunia linavaa kilemba. Lenyewe lingebeba kilo mia. Sasa lina 130, na mengine yanazidi hapo. Tuseme bei waliyopatana ni shilingi 65,000 kwa gunia. Kwa kilo mia, ni shilingi 650 kwa kilo. Kilo 30 zilizo kwenye kilemba zina thamani ya shilingi 19,500, na mkulima hapewi hata senti juu yake. Mnunuzi wake akifika Dar es Salaam hauzi tena kwa gunia. Anauza kwa kilo au kwa sado, na kila kilo ya kilemba inalipiwa.

Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu jambo hili. Ukomo wa gunia la mazao ni kilo 100. Kenya iliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia la viazi katika kanuni zake za mwaka 2019. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukikemea lumbesa miaka yote hii, na lumbesa bado inapita usiku na mchana. Inapita kwa sababu pande zote zimeikubali kama ada ya biashara. Mkulima anakubali kwa kuwa mzigo wake utaoza, na mnunuzi mwingine hayupo. Kukubali huko hakumfanyi awe ameridhia. Watu wa Madiani, waliotumiwa Nabii Shuaibu, waliambiwa wakamilishe kipimo na mizani na wasiwapunguzie watu vitu vyao; wakamjibu kwamba mali ni yao na watafanya nayo wapendavyo. Jibu hilo tunalisikia bado kwenye vibanda vya madalali, kwa maneno mengine: soko huria, hakuna aliyelazimishwa.

Wako watakaotuambia kwamba nyongeza ni sunna, kwamba kuzidisha kipimo ni jambo la kusifiwa. Ni kweli, na kisa chenyewe kinafaa kisimuliwe kikamilifu. Suwaid bin Qais na mwenzake walileta nguo Makka kutoka Hajar. Mtume akapatana nao bei ya suruali. Zama hizo fedha ililipwa kwa kupimwa, na alikuwapo mtu aliyepima kwa ujira. Mtume, akiwa mnunuzi, akamwamuru mpimaji apime na aelemeze. Yaani mzigo ulioelemezwa ulikuwa malipo yake mwenyewe, na faida ilikwenda kwa wauzaji. Nyongeza hutoka kwenye mkono unaotoa. Mkono unaopokea hauna haki ya kuidai, seuze kuifanya sharti la kununua. Muuzaji akimpimia mteja sado ya mfuto iliyo sawa, kisha kwa hiari yake akamwongezea konzi mbili, hiyo ni nyongeza. Tajiri anayesimama juu ya gunia la mkulima na kusema "shindilia, bado" hatoi wala hapewi nyongeza. Anachukua.

Na wale wanaosema "nami nilipunjwa kwa mwenye jumla, nitafidiaje?" tunawajibu kwa ufupi. Aliyekupunja unamjua, na kibanda chake unakijua. Mnunuzi wako hakuwapo. Deni la mtu mmoja halitozwi kwa mwingine, na ukilitoza umekuwa wa pili katika safu ya wezi, nyuma ya yule unayemlaumu.

Tuje kwenye mizani, maana wengine mtasema ninyi mmeacha sado siku nyingi. Mizani ni bora kuliko kopo, lakini inadanganya kwa namna zake, na muuzaji mwaminifu analazimika kuijua ili isimdanganye hata yeye. Mizani ya sahani mbili inapimwa hivi. Weka jiwe la kilo kushoto na bidhaa kulia mpaka mkono ulale sawa. Kisha badilisha: jiwe kulia, bidhaa kushoto, bila kuongeza wala kupunguza chochote. Mikono ikiwa sawa, mizani italala sawa tena. Upande mmoja ukizama, mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, na kasoro inaonekana mara mbili ya ukubwa wake, kwa hiyo hata ndogo haijifichi. Jaribio hili ni la dakika moja na halitaki fundi. Sahani nazo ziangaliwe chini: sumaku, kipande cha nta, sarafu iliyogandishwa, vyote vimekwisha kukutwa huko.

Jiwe lenyewe ligeuzwe. Mawe mengi ya chuma yana tundu chini lililozibwa kwa risasi, na juu ya risasi hiyo mkaguzi hugonga mhuri. Tundu likiwa tupu au risasi ikiwa imechokonolewa, jiwe limepungua uzito, na anayepimiwa kwalo anapunjika kila mara bila mpimaji kugusa kitu. Kutu nayo hula jiwe polepole. Hapo mwenye jiwe anaweza kuwa mtu safi kabisa na bado akauza pungufu kwa miaka. Ndiyo maana sheria inataka vipimo vya biashara vihakikiwe kila mwaka. Muuzaji anayekimbia siku ya uhakiki kwa kuona ada ni kubwa ajue kwamba kuanzia siku hiyo hana tena haki ya kusema hakujua.

Mizani ya betri ina mlango wake mmoja mkubwa, nao ni bakuli. Bakuli la gramu 150 likiwekwa juu ya mizani iliyokwisha kusoma sifuri, mnunuzi wa kilo moja ya nyama analipia gramu 150 za plastiki. Njia sahihi ni bakuli liwekwe kwanza, kitufe cha sifuri kibonyezwe, mnunuzi aone sifuri kwa macho yake, ndipo nyama iingie. Na kioo kielekee kwake. Mizani inayomgeuzia mnunuzi mgongo imeondoa sababu ya kuwepo kwake.

Kuna kosa jingine ambalo halimo kwenye kipimo lakini ni ndugu yake. Mtume alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye rundo akasema limenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini asiweke sehemu iliyolowa juu, watu waione. Kisha ikatoka hukumu kwamba anayeghushi hatokani naye. Angalieni vizuri kilichoamriwa pale. Hakukatazwa kuuza nafaka iliyolowa. Aliamriwa aioneshe. Nyanya zilizobonyea zina wanunuzi wake na bei yake. Mama lishe wengi huzitafuta kwa ajili ya mchuzi. Haramu ni tenga lenye nyanya nzuri safu mbili za juu na masalia chini, na fungu la viazi lililojengwa likiwa na uwazi katikati.

Hadi hapa tumesema juu ya kopo na mizani. Lakini kipimo kinachopunjwa zaidi katika masoko yetu leo ni muda wa deni, na jina lake mnalijua: mali kauli.

Mali kauli ndiyo inayoendesha soko. Mzigo unashushwa alfajiri, hakuna fedha inayopita, muuzaji anachukua magunia kwa neno lake na analipa akishauza. Bila mpango huu, maelfu ya watu wasio na mtaji wasingekuwa na biashara, na hatuulaumu. Tunalaumu unavyotendwa. Chukueni mfano wa muuzaji aliyechukua magunia matatu ya vitunguu Jumatatu kwa shilingi 80,000 kila moja. Deni ni 240,000. Kufikia Jumatano amemaliza, ameuza kwa 300,000. Faida yake halali ni 60,000, kabla ya ushuru na kubebesha. Mwenye mzigo akija anapewa 150,000 na maelezo kwamba biashara ilikuwa ngumu, vitunguu viwili vitatu vilioza, arudi Jumamosi. Fedha iliyobaki, 150,000, inanunua mzigo wa mtu mwingine kwa taslimu. Mkulima analala gesti siku tatu kwa fedha yake, akila hotelini, akisubiri 90,000 ambazo tayari zimegeuka mtaji wa aliyemwambia hana.

Muuzaji huyo hakupunguza hata gramu moja. Mizani yake ina mhuri. Lakini amedai muda kamili alipokuwa anapokea na ameupunja alipokuwa anatoa; yeye mwenyewe asingemwacha mteja aondoke na sado moja bila kulipa. Hadithi sahihi inahesabu ucheleweshaji wa mtu mwenye uwezo wa kulipa kuwa ni dhuluma. Mithali, sura ya 3, inakataza kumwambia jirani aende arudi kesho ilhali anachodai unacho hapo ulipo. Mafundisho yote mawili yanamhusu mtu mwenye fedha mfukoni, na mfuko wa muuzaji yule ulikuwa na 150,000.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ni aya ya deni. Inaamuru deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono imepewa nafuu ya kutoandikwa. Na ndani yake kuna sharti ambalo masoko yetu yamelipindua: anayetamka maneno ya kuandikwa ni yule mwenye kudaiwa. Kwa nini? Kwa sababu mdai akiandika peke yake, kwenye daftari lake, kwa kalamu yake, daftari hilo linageuka sado iliyokatwa mdomo. Angalieni madaftari ya mikopo ya maduka na magenge yetu. Mtoto ametumwa unga na mafuta, akasema "mama kasema uandike." Imeandikwa nini? Hakuna tarehe, hakuna bei ya kila kitu, kuna jumla tu. Mwisho wa mwezi mama anakuta 38,000 wakati kumbukumbu yake inasema 31,000, na hana karatasi ya kujitetea. Anayesema kweli anaweza kuwa yeyote kati yao. Dhambi ni kuuacha ukweli bila ushahidi.

Njia ya kuandika ni nyepesi. Yawepo madaftari mawili, moja dukani na moja kwa mteja, na kila kinachoandikwa kwenye la kwanza kiandikwe kwenye la pili muda uleule: tarehe, kitu, kiasi, bei, siku ya kulipa. Mtoto akitumwa, aje na daftari la nyumbani. Kwa mali kauli, ujumbe wa simu unatosha, mradi autume anayedaiwa: nimepokea magunia matatu ya vitunguu, kila moja elfu themanini, nitalipa Alhamisi jioni. Mwenye mzigo ajibu kwamba amekubali. Mnaogopa kuonekana hamwaminiani? Aya ile iliwaandikia waumini.

Bei ya mkopo nayo iwe wazi. Wanazuoni wengi wameruhusu bei ya baadaye iwe juu kuliko ya taslimu, kwa sharti kwamba pande mbili zichague bei moja kabla ya kuachana. Kilichokatazwa ni bei mbili ndani ya mauzo mamoja, mteja akaondoka bila kujua anadaiwa ipi. Na bei ikishafungwa, siku ya kulipa ikafika na mdaiwa hana, kumwongezea kiasi ili umwongezee siku ndiyo riba yenyewe waliyoizoea watu wa zama za ujahili. Mikopo mnayoiita kausha damu imesimama juu ya jambo hilohilo.

Kwa mdaiwa aliyekwama kweli, aya ya 280 ya sura hiyohiyo inaamuru asubiriwe hadi apate wepesi, na inasema kumsamehe ni bora zaidi. Torati, katika sura ya 24 ya Kumbukumbu, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu, na inamkataza mdai kuingia nyumbani mwa mdaiwa kujichagulia rehani. Mdai anayebeba cherehani ya mshonaji au mizani ya muuza samaki amekiuka agizo hilo waziwazi, na amejiharibia mwenyewe, maana deni lingelipwa kwa cherehani ileile. Lakini subira ni ya aliyekwama. Muuzaji aliyepunjwa na wateja wenye mishahara, wanaopita mbele ya kibanda chake na mifuko ya maduka mengine, ana haki ya kudai mbele ya mashahidi na mbele ya serikali ya mtaa.

Uzito wa deni mnaujua kuliko tunavyoweza kueleza, maana mmehudhuria mazishi. Kabla ya maiti kuteremshwa kaburini, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwa wafiwa. Desturi hiyo ina mzizi. Mtume aliletewa jeneza la mtu, akauliza kama ana deni. Akaambiwa ana dinari mbili. Akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada aliposema atazilipa yeye. Dinari mbili tu.

Tumebakiza wajibu mmoja ambao mahubiri mengi huuruka. Kuacha kupunja hakutoshi. Haki ya mtu haifutwi kwa toba ya mwenye kuichukua mpaka imrudie mwenyewe, na kama hajulikani au hapatikani, thamani yake itolewe sadaka kwa niaba yake. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Muuzaji aliyetumia sado fupi kwa miaka miwili anaweza kuipiga hesabu yake: sado ngapi kwa siku, gramu 200 kila moja, bei ya kilo. Wateja wa kila siku anawajua kwa majina ya watoto wao. Aanze nao.

Kwa kamati za masoko tunasema hivi. Wekeni mizani moja iliyohakikiwa mahali pa wazi, karibu na lango, mnunuzi yeyote aweze kupima tena alichonunua bila kuomba ruhusa. Kagueni sado zote kwa kuzipanga kwenye ubao mmoja, na iliyokatwa ivunjwe palepale mbele ya mwenyewe na majirani zake. Lumbesa ikifika, isishushwe kabla ya kufunguliwa na kupimwa kwa kilo, na mkulima alipwe kwa kilo hizo. Kiongozi wa soko anayepokea kitu ili afumbe macho avuliwe nafasi yake.

Na wewe muuzaji unayetazama, kama kuna mali kauli ya mtu mikononi mwako na fedha yake umekwisha kuipata, usinunue mzigo mwingine kesho asubuhi. Mlipe kwanza.